Mbwa nyumbani, sehemu ya nne: Kidonda hakioshwi kama bakuli

Sehemu zilizopita niliwaambia jinsi mimi, mtoto wa Ujiji niliyekua sijawahi kuishi na mbwa, nilivyoolewa huku Nyakitonto nikamkuta Simba uani. Leo nawasimulia siku aliyonitisha kweli.

Kwanza uelewe kwa nini yupo. Shamba letu la mahindi limepakana na pori, na mahindi yakianza kukomaa nyani na ngedere wanashuka asubuhi kabla hujamaliza chai. Bila mbwa unavuna mabua. Na dini yetu haikumfungia mlango mbwa wa kulinda shamba, wa mifugo wala wa kuwinda. Iliyokataza ni kumfuga bila haja, na mate yake ndiyo yenye hukumu nzito.

Sisi wengi wa Afrika Mashariki tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi. Kwake, chombo alichokilamba mbwa kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Mama mkwe wangu anazifuata zote. Siku Simba alipotia mdomo kwenye bakuli la uji, alimwaga uji, akakoroga udongo kwenye maji ya kwanza mpaka yakawa tope, akasugua bakuli, kisha akasuuza mara sita kwa maji safi. Anaanza na udongo ili maji yanayofuata yauondoe. Wanangu walikuwa wamekaa pale pale wanahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu…

Tukapanga nyumba yetu hivi. Kibanda cha Simba kipo mwisho wa uwanja, upande wa shamba. Ana bakuli lake la bati ambalo halipiti karai la vyombo vyetu. Hapiti kizingiti cha mlango. Miswala inatundikwa ndani ukutani, haianikwi kwenye majani. Na watoto tumewafundisha kwamba kikavu kwa kikavu hakihamishi najisi: manyoya makavu yakikugusa nguo kavu, endelea na shughuli zako. Unyevu ndio unaohamisha. Halafu kuna kosa moja ambalo hata watu wazima wanalo: kuguswa na mbwa hakutengui udhu. Unaosha pale palipoingia najisi tu, basi.

Tukaona tumemaliza. Kumbe bado.

Siku hiyo nilitoka zamu ya usiku, nikamkuta mwanangu wa pili, ana miaka 6, kajificha nyuma ya jiko. Goti limejaa tope. Nikamuuliza, "Umeanguka?" Akanyamaza. Nikamsogelea, akaanza kulia: "Mama, nimeshaosha mara saba. Na udongo nimetia."

Nikakaa chini. Nikamvuta taratibu mpaka akasema. Alianguka akikimbia shambani, goti likachubuka likatoa damu. Simba akamfuata, akalilamba. Mtoto hakuwaza kidonda. Aliwaza bibi atamwambia ana najisi asikae kwenye mswala. Kwa hiyo akafanya alichoona bibi anafanya kwenye bakuli, akasugua tope ndani ya mchubuko unaovuja damu.

Mama zangu, hapo kuna hatari mbili. Ya kwanza ni kichaa cha mbwa. Virusi vyake viko kwenye mate, na si lazima mbwa aume. Akilamba ngozi nzima isiyo na jeraha, virusi havina pa kupita. Akilamba mchubuko, kidonda, mdomo au jicho, mlango upo wazi. Ugonjwa huo dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Ya pili ni huo udongo wenyewe: vijidudu vya pepopunda vinaishi udongoni, na wewe umewasugulia ndani ya kidonda.

Nilifungulia maji ya ndoo yenye bomba, nikachukua sabuni ya mche, nikaosha goti dakika 15 nikitazama saa. Dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani. Mtoto atalia, mkono utachoka, na utatamani kuacha ikifika ya tatu. Usiache. Maji yawe yanatiririka, si kumtumbukiza kwenye beseni, maana tunataka mate yaondoke na maji. Usitie majivu, chumvi, kitunguu wala mafuta. Na usifunge kitambaa kwa kukaza.

Kisha nikatafuta kadi ya chanjo ya Simba. Mtaalamu wa mifugo alimchanja, lakini chanjo ile tulitakiwa kuirudia kila mwaka, na tarehe ilikuwa imepita miezi minne. Kosa letu. Sikukaa kubahatisha. Tulienda hospitali siku hiyo hiyo nikiwa na nguo za zamu. Mtoto alianza sindano za kichaa cha mbwa, tukaangalia na kadi yake ya pepopunda. Sindano hizi sasa zinachomwa mkononi, si zile za tumboni ambazo wazee wanatutisha nazo.

Simba hatukumuua. Ukimuua unapoteza jibu. Alifungwa kamba, akapewa chakula na maji, tukamtazama siku 10. Mbwa ambaye mate yake yana virusi ataonyesha ndani ya siku hizo: kukataa kula, kuyumba, kutokwa mate mengi, sauti kubadilika, kuuma ovyo, au kufa. Simba alikula ugali wake siku zote 10. Mtoto alikuwa ameshachomwa siku ya kwanza, ya tatu na ya saba, na daktari akasema zilizobaki tusiendelee. Lakini elewa mpangilio: sindano zinaanza kwanza, kumtazama mbwa kunafuata. Usisubiri siku 10 ndipo uende. Na kama mbwa ni wa kupita humjui, sindano zinamalizwa zote.

Ikabaki ya bibi. Mama mkwe alikuwa na swali la haki: mate yaligusa goti, sasa tohara je? Tukaenda kwa maalimu wa madrasa. Akasema, "Mama, bakuli halioti usaha. Dini haikuamuru mtu ajidhuru. Kidonda osheni kama daktari anavyosema. Ngozi ikishafunga, pale mahali mtaosha mara saba na udongo. Na huyu mtoto wa miaka 6 swala haijamlazimu bado, msimtie hofu."

Mama mkwe alikaa kimya njia nzima. Tulipofika nyumbani akamwita mjukuu wake, akampakata. "Mume wangu," akamwambia, kama bibi zetu wanavyowaita wajukuu, "mbwa akikulamba au akikuuma, njoo kwangu kwanza. Sitakugombeza. Najisi ina maji yake. Uhai hauna."

Tangu siku hiyo sheria ya nyumba yetu imeongezeka moja, na nimeiweka mbele ya zote: mtoto aliyeguswa na mate ya mbwa haulizwi kwa nini alimsogelea mpaka goti, mkono na uso wake vimekaguliwa. Wiki tatu baadaye ngozi ilipofunga, bibi alimkalisha kwenye kigoda, akakoroga udongo kwenye kikombe. Mtoto akahesabu mwenyewe mpaka saba.

Simba naye kachanjwa. Kadi nimeibandika ukutani, karibu na kliniki za watoto, nisiseme tena nilisahau.