Ishirini na Nane

Nilipoacha chuo mwaka wa tatu nilikuwa na sapu moja ya takwimu ambayo sikurudi kuifanya. Nataja hilo mapema kwa sababu siku hizi chakula changu kinatokana na kuhesabu namba za watu wengine. Naishi Amukura, kati ya Busia na Malaba. Hapa ukisema unafanya kazi ya kuandika, mtu anakuuliza kama unaandika barua za chifu.

Mwaka 2024 shirika moja la pande hizi (silitaji, tulikubaliana hivyo) lilinipa ripoti yake ya mwaka nisome prufu. Lilikuwa toleo la Kiswahili, la kusomwa kwenye mkutano mkuu wa wanachama mwezi Novemba. Kurasa 64. Mkurugenzi, mama mmoja ambaye sote tunamwita Madam, aliniambia kwa simu, "Kijana wangu, angalia tu tahajia. Namba mhasibu ameshaziona."

Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi. Mhasibu huwa ameona namba za nyuma ya ripoti, zile za hesabu zilizokaguliwa. Namba za mbele, za kwenye ujumbe wa mwenyekiti, sura za miradi na vile vimchoro vya rangi, huwa hazina mwenyewe. Kila afisa aliandika sura yake, kwa mwezi wake, akitumia faili aliyokuwa nayo.

Ndiyo maana mimi huanzia nyuma. Hesabu zilizokaguliwa zimetiwa saini na hazibadiliki tena, kwa hiyo za mbele ndizo zinazopaswa kuzifuata. Nilifungua ukurasa wa taarifa ya mapato na matumizi, nikasoma kichwa chake: "Kwa kipindi cha miezi kumi na minane kilichoishia tarehe 30 Juni 2024." Safu ya kulinganisha pembeni iliandikwa: "Mwaka ulioishia tarehe 31 Desemba 2022."

Nikaweka kikombe cha chai chini.

Kumbe shirika lilikuwa limebadilisha mwaka wake wa fedha. Zamani walifunga vitabu Desemba. Kaunti, kama serikali kuu, inafunga 30 Juni, na Uganda ng'ambo pale ni hivyo hivyo, kwa hiyo walipoanza kufanya kazi na kaunti wakaona afadhali wote waende pamoja. Ili kuhama, kipindi kimoja kilibidi kirefushwe: kuanzia 1 Januari 2023 hadi 30 Juni 2024. Hakuna kosa hapo. Viwango vya kimataifa vya uhasibu vinaruhusu, mradi useme kwa nini umebadilisha na uonye kwamba namba za vipindi hivyo viwili hazilinganishiki moja kwa moja. Mkaguzi alikuwa amesema yote hayo, ukurasa wa 51, kwa herufi ndogo.

Huko mbele hakuna aliyekuwa na habari. Kila sura iliita kipindi hicho "mwaka". Sura ya pili ilisema "mwaka wa fedha 2023/24". Msomaji yeyote Kenya akiona mkwaju huo ataelewa 1 Julai 2023 hadi 30 Juni 2024, na hapo miezi sita ya kwanza ya 2023 itakuwa imepotea njiani pamoja na pesa zake. Sura ya tano iliandika "2023-2024", ambayo inaweza kuwa miaka miwili mizima. Na mahali pengine, tafsiri ilisema "mwaka ulioisha". Kwa Kiswahili cha mtaani, mwaka ulioisha ni mwaka jana, basi. Ndiyo maana mimi hubadilisha kuwa "ulioishia tarehe fulani", niitaje na tarehe yenyewe. Herufi moja, lakini inamwondoa mama wa kikundi cha akiba kwenye mashaka.

Halafu ikaja sentensi ambayo Madam aliipenda kuliko zote. Ilikuwa kwenye ujumbe wake mwenyewe: kaya zilizofikishiwa maji zimeongezeka kwa karibu asilimia 50 ikilinganishwa na mwaka uliotangulia. (Namba za kaya nimezibadilisha hapa kwa sababu ya makubaliano yetu, lakini uwiano wake ni ule ule.) Mwaka 2022 walifikia kaya 1,800. Kipindi hiki 2,684. Ukigawa, kweli ongezeko ni asilimia 49.

Sasa gawa kwa miezi. Kaya 1,800 kwa miezi 12 ni kaya 150 kila mwezi. Kaya 2,684 kwa miezi 18 ni 149. Hakuna kilichopanda. Kama tunataka ukali, kilishuka kidogo.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Nilikuwa nimeajiriwa kuangalia tahajia, na asilimia 50 ndiyo ilikuwa kichwa cha ukurasa wa kwanza, imeandikwa kwa namba kubwa ya buluu. Na mimi ni nani, mtu wa sapu.

Katika siku hizo mbili nilifanya sehemu ya kazi isiyohitaji ujasiri. Nina karatasi ya Ekseli yenye safu tano: namba, ukurasa, maneno yaliyoizunguka, inahesabu nini, ya tarehe gani. Kila namba inayojitokeza zaidi ya mara moja inaingia humo. Natafuta kwa Ctrl+F, kwanza 2,684, kisha 2684 bila mkato, kisha "elfu mbili", kisha "kaya" peke yake. Halafu nasoma michoro kwa macho, maana mchoro uliobandikwa kama picha hautafutiki. Kompyuta inaupita kama haupo.

Kaya zile zilitokea mahali panne. Sura ya nne ilisema 2,684. Sura ya pili ilisema "zaidi ya 2,700". Ujumbe wa mkurugenzi ulisema "takriban 2,700". Mchoro ulisema 2,648. "Takriban" niliiacha, ni ya kweli. "Zaidi ya" niliifuta, kwa sababu mtu aliyekadiria kwenda juu hawezi tena kusema zaidi. 2,684 haijafika 2,700. Na ile 2,648 niliipima kwa ujanja wa wahasibu: toa ndogo kwenye kubwa, ugawe kwa 9. Ukibadilishana tarakimu mbili zilizokaa pamoja, tofauti hugawanyika kwa 9 kila mara. Tofauti ni 36. Inagawanyika. Si uthibitisho, maana namba nyingi hugawanyika kwa 9 kwa bahati tu, lakini inakuambia pa kuanza kutazama. Afisa aliyechora alipotafuta karatasi yake ya awali, kweli, 8 na 4 zilikuwa zimepishana.

Mambo ya "mwaka jana" nayo. Sura ya tatu ilizungumzia "mafuriko ya mwaka jana". Ndani ya miezi ile 18 kulikuwa na mvua za El Nino za mwisho wa 2023 na tena mvua kubwa za Machi hadi Mei 2024. Mafuriko yapi? Ilinibidi nimpigie mwandishi wa sura. Naye akafikiri kidogo, akasema, "Si yale ya pili." Yaani ya mwaka huu.

Usiku wa siku ya pili nilifika kwenye jedwali la sura ya kwanza, idadi ya watu wa Kaunti ya Busia kwa sensa ya 2019. Wanaume 426,252. Wanawake 467,401. Jumla 893,681. Mimi hujumlisha kila jedwali hata kama limetoka serikalini, ni ugonjwa. Nikapata 893,653. Imepungua 28.

Nikasahihisha. Nasema ukweli. Niliandika pembeni, "Jumla si sahihi, weka 893,653," nikaendelea na ukurasa mwingine. Kisha stima zikapotea, nikabaki gizani na betri ya laptopu na ile 28 kichwani. 28 haigawanyiki kwa 9, kwa hiyo haikuelekea kuwa tarakimu zilizopishana. Na jumla ile ile, 893,681, ilikuwa imerudiwa sura ya sita na mtu mwingine. Watu wawili hawakosei kujumlisha kwa namna moja.

Nilitumia bando lililobaki kufungua jedwali lenyewe la sensa. Lina safu tatu. Ya tatu ni ya huntha, watu waliozaliwa na maumbile yasiyoingia moja kwa moja kwenye kiume wala kike. Sensa ya Agosti 2019 ndiyo ya kwanza Kenya kuwahesabu, 1,524 nchi nzima. Busia, 28. Aliyenakili jedwali kwa ajili ya ripoti aliona safu yenye namba ndogo, akaitoa ili lipendeze. Jumla akaiacha. Na mimi, mkaguzi, nilikuwa nimekuja kumaliza kazi yake.

Darasa la sita nilisoma na mtoto ambaye watu walimnong'ona mpaka akaacha shule. Sijui kama hesabu hii inamhusu, na si yangu kuuliza. Nilifuta maoni yangu, nikaandika mapya: "Rudisha safu ya tatu."

Baada ya hapo kumwandikia Madam kuhusu asilimia 50 hakukuwa kugumu sana. Nilimtumia mistari minne na ule mgawanyo wa miezi. Akanipigia.

"Kwa hiyo unasema hatujakua?"

"Madam, nasema mmeenda kwa mwendo ule ule. Mzee yeyote mkutanoni akijua ni miezi kumi na minane, ataigawa mwenyewe."

Kimya. Nikasikia mtu akifunga mlango upande wake. "Andika vile unaona ni sawa, nisome."

Niliandika: "Katika kipindi cha miezi 18 kilichoishia tarehe 30 Juni 2024, tulifikisha maji kwa kaya 2,684, wastani wa kaya 149 kwa mwezi, mwaka 2022 wastani ulikuwa 150." Akaikubali, ila akaomba namba ya buluu ibaki kubwa. Ikabaki kubwa, ikiwa 2,684.

Novemba nilienda mkutanoni, kwa boda, nikae nyuma nione watu wakiishika. Jedwali lilikuwa na safu tatu. Kila mahali ndani paliandikwa kipindi. Mzee aliyeketi mbele yangu hakuifungua hata. Aliigeuza, akapitisha kidole kwenye jalada, ambalo lilitengenezwa kwingine na sikuwahi kutumiwa. Akamgeukia jirani yake.

"2023-2024," akasoma. "Hii ni ya miaka miwili?"