Barua kwa Mtunzi wa Kilibula



Chama chetu cha walei kinakusanya mashairi ya sala kwa ajili ya kitabu kidogo cha Kwaresima, nami ni mmoja wa watu watatu wanaoyasoma. Miongoni mwa karatasi zilizotufikia lilikuwamo shairi la kijana wa Kilibula juu ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kujaza maji na tope katika nyumba za Uvira. Tulikubaliana kwamba halijawa tayari kuchapishwa, nikapewa kazi ya kumwandikia.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa tamu, lakini haikuwa ya kweli. Nilimsifu kwa mistari mingi, nikasema kurasa ni chache, tena kwamba tungali tunatafakari. Mama mmoja tunayesoma naye aliipitia, akaniuliza: «Ndugu yangu, huyu mtoto atajua kama shairi lake limekubaliwa au limekataliwa?» Nikaisoma tena, hata mimi nisingejua. Na kurasa zilikuwapo. Nilikuwa nimejificha nyuma ya adabu ili nisiuone uchungu wake, naye angekingoja kitabu, akitafute jina lake ukurasa kwa ukurasa, asilione.

Nikaandika upya. Sentensi ya kwanza ilimshukuru. Ya pili ilisema: «Shairi hili hatutalichapisha jinsi lilivyo sasa.» Baada ya hapo nikamwonyesha mshororo mmoja ambao hakuna kati yetu aliyeusahau:

Mama akazoa tope, kwa sahani ya bugali

Humo mna nyumba yote: sahani ya chakula imegeuka kuwa koleo, na mama hana chombo kingine. Lakini mshororo uliofuata ulisema:

Ewe Mola usikope, utusikie asili

Nilimwuliza kwa upole: kwa nini Mungu aambiwe asikope? Jibu tulilijua sote. Kina cha kati kilikuwa «pe», na maneno yenye mwisho huo ni machache. Basi mtunzi akaokota lililokuwa karibu. Mizani imetimia, nane kwa nane, na vina vimepatana, lakini sala imepotea. Nikampa njia moja tu: alitoe neno «tope» mahali pa kina, aseme «Mama tope akazoa». Mizani inabaki nane, na kina cha «oa» kina maneno mengi ambayo mtu anayesali huyahitaji kweli, kama okoa, ondoa na opoa. Mishororo mingine sikuigusa. Ningeitengeneza yote, shairi lingekuwa langu, na mama yule si mama yangu.

Kasoro ya pili ilikuwa nzito zaidi. Kuanzia ubeti wa pili hadi wa mwisho, shairi lilikuwa likishukuru. Mama alipewa mshororo mmoja, kisha akasahauliwa, zikaja sifa ambazo zingefaa katika shairi lolote la siku yoyote. Nilimwomba asome Zaburi ya 69. Mzaburi anaanza na maji yaliyomfika shingoni na matope asimopata pa kukanyaga. Analalamika, anachoka kulia, hata analaani. Sifa inafika karibu na mwisho, nayo inaaminika kwa sababu hakuiharakisha. Kitabu chetu kitasomwa na watu waliopoteza nyumba. Tukiwapa shukrani kabla ya kilio, watafikiri kwamba kilio chao si sala.

Mwisho nilimwandikia jambo moja la kufanya: abaki na mama kwa beti tatu, kabla ya kusema neno la sifa. Nikataja siku, yaani Jumapili ya kwanza ya Majilio, na mtu wa kumkabidhi karatasi. Sikumwahidi kwamba shairi la pili litachapishwa. Nilimwahidi tu kwamba sisi watatu tutalisoma lote. Ahadi ya kwanza haikuwa mikononi mwangu peke yangu, ya pili ilikuwa.

Barua sikuituma kwa mtu mwingine. Nilimpa mwenyewe baada ya Misa, nikasimama kando alipokuwa akiisoma. Alipofika kwenye sentensi ya pili uso wake ulibadilika, nami nikatamani ile barua tamu. Akaendelea kusoma hadi mwisho, akaikunja, akanyamaza kidogo. Kisha akauliza:

«Basi naweza kuacha kumshukuru Mungu?»

«Usiache,» nikamjibu. «Lakini unaweza kukawia, kama mzaburi alivyokawia.»

Akatazama chini. «Mama alizoa siku nne,» akasema. «Hilo sikuliandika.»