Kwa nini maharagi yanachelewa kuiva huku kwetu juu milimani

Kila mara familia inapohama kutoka Uvira na kuja Bukavu, tunasikia lalamiko lile lile: maharagi ya huku ni magumu, yanamaliza makala. Wengine wanamsuta muuzaji wa soko, wengine wanamsuta binti aliyeachwa kuangalia sufuria. Sisi walimu tunafundisha jambo hili darasani kwa watoto, na tumeona vema tulieleze pia kwa wale wanaopika.

Tuanze na hewa. Hatuioni, lakini ina uzito, na inakandamiza kila kitu, hata maji yaliyo ndani ya sufuria. Ili maji yachemke, mapovu ya mvuke yanapaswa kuwa na nguvu ya kusukuma uzito huo na kupanda juu. Pale Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, tuko karibu metri 800 juu ya bahari. Bukavu tuko karibu metri 1.500. Kadiri tunavyopanda, hewa iliyobaki juu yetu inapungua, uzito wake unapungua, na mapovu yanashinda mapema, kabla maji hayajapata moto mwingi.

Hesabu yake ni rahisi. Kando ya bahari maji yanachemka kwa digri 100. Kwa kila metri 300 tunazopanda, tunatoa karibu digri moja. Kwa hiyo Uvira maji yanachemka kwa digri 97, Bukavu kwa digri 95, na kwenye vijiji vya milimani vya metri 2.400, kwa digri 92.

Digri mbili au tatu zinaonekana kidogo, lakini kwa maharagi ni nyingi. Ndani ya punje kuna kitu kinachoshikamanisha nyama yake kama gundi, na gundi hiyo inalegea polepole sana moto ukipungua. Maharagi yaliyoiva kwa saa moja na nusu Uvira yanaweza kudai karibu saa mbili Bukavu, na kule metri 2.400 zaidi ya saa mbili na nusu.

Hapa ndipo wengi wetu tunapoteza pesa. Tukiona yanachelewa, tunaongeza makala kwenye mbabula. Lakini maji yakisha kuchemka, hayapati moto zaidi, hata tuyachochee namna gani. Moto ule wa ziada unageuza maji kuwa mvuke tu: sufuria inakauka, maharagi yanabaki pale pale. Yakisha kuchemka, tupunguze makala, tufunike vizuri, na mapovu madogo yanatosha.

Kinachosaidia kweli ni kulowanisha. Kilo moja ya maharagi tuiweke usiku katika litri tatu za maji. Asubuhi tuyamwage yale maji, tuweke mapya. Tomati tuzitie mwishoni, maana uchachu wake unazuia maharagi kulainika. Maji yakipungua, tuongeze ya moto, si ya baridi, ili mchemko usikatike. Maharagi yaliyokaa gala muda mrefu yatachelewa zaidi, hata Uvira. Ukitaka kujua sababu ni mlima au ni uzee wa maharagi, pika mapya kando yake, kila sufuria na moto sawa.

Mwenye sufuria inayofungwa kabisa, ile yenye mpira na kizibo cha kutoa mvuke, ameshinda mlima. Mvuke uliofungiwa unakandamiza maji kuliko hewa, nayo yanapita digri 110 kabla ya kuchemka.

Mchele hauna shida kubwa hivyo, kwa sababu unaanza kulainika kwenye digri 70 hivi. Lakini nao unachelewa kidogo, na katika kuchelewa maji yanakauka huku kiini cha punje kikiwa kigumu bado. Kwa glasi mbili za mchele, tuongeze robo glasi ya maji, na tukiisha kuepua tuuache umefunikwa dakika kumi.

Neno la mwisho ni kwa ajili ya watoto. Maharagi, hasa mekundu, yana sumu ambayo huvunjwa na mchemko wa kweli. Yakipikwa kwa moto hafifu bila kuchemka, mtoto anaweza kutapika na kuhara saa chache baada ya kula. Kwa hiyo, mwanzoni tuyaache yachemke kwa nguvu nusu saa nzima, ndipo tupunguze makala. Kisha, kabla ya kupakua, tuchukue punje tano kutoka sehemu mbalimbali za sufuria na kuzibonyeza kwa vidole. Moja ikibaki na kiini kigumu, sufuria irudi motoni.