Setilaiti ya Uhuru

Boko, Jumanne 3 Juni 2025

Leo twisheni nimeacha setilaiti za kubuni za vitabuni, nikawapa vijana ya kwetu huku. Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kenya ilikuwa inasherehekea siku yake ya uhuru, na jina likatoka hapo. Ilizunguka karibu na ikweta ikitafuta vyanzo vya eksirei angani, kimo cha kilomita 550 hivi.

Mvutano wa dunia ndio unaopinda njia ya setilaiti kuwa duara. Ukisawazisha GM/r² na v²/r, unapata v = √(GM/r). Uzito wa setilaiti haumo kabisa. GM ya dunia, kwa kilomita na sekunde, ni 398,600.

Binti mmoja aliweka 550 mahali pa r, akapata karibu kilomita 27 kwa sekunde. "Mwalimu, mbona inakimbia hivi?" Swali zuri sana. Nikamwambia r hupimwa kutoka kitovu cha dunia, kwa hiyo tuongeze 6,378. Kwa r ya 6,928, kasi ni kilomita 7.59 kwa sekunde. Mzunguko mmoja ni kilomita 43,530. Gawanya, unapata sekunde 5,740 hivi, yaani kama dakika 96. Ndivyo Uhuru ilivyozunguka kweli.

Alhamisi 5 Juni

Nimerudi kwenye ile 27, maana haikubaliki hata kabla ya kujua kosa liko wapi.

Kila kilo iliyo umbali r ina deni la nishati la GM/r kwa dunia. Kinachozunguka kwa duara kina nishati ya mwendo ya GM/2r, nusu tu ya deni, ndiyo maana hakiondoki. Ili kijinasue moja kwa moja, lazima deni lote lilipwe: nishati ya mwendo iongezeke mara mbili. Kasi yenyewe haihitaji kuwa mara mbili, kwa sababu nishati hufuata v². Inatosha izidishwe kwa √2. Kwa Uhuru, 7.59 inakuwa 10.7, kutoka usoni mwa dunia ni 11.2. Chombo chenye 27 kingekwenda zake bila kurudi.

Jumamosi 7 Juni

Kijana wa nyuma kauliza kwa nini basi Uhuru ilianguka mwaka 1979. Huko juu hewa ni nyembamba mno, lakini ipo. Msuguano uliila nishati kidogo kidogo, r ikapungua, na kwa fomula ileile v ikaongezeka! Darasa zima lilibisha. Nikawaonyesha hesabu: ikishuka, deni linakua mara mbili ya nishati ya mwendo inayopatikana, nusu ndiyo kasi mpya, nusu imegeuka joto. Jumanne tutaanza na kimo cha kilomita 200, waone tofauti wenyewe.