Utando Mweupe Kinywani mwa Mtoto

Huku Kiambere, kando ya bwawa la Mto Tana, mjukuu wetu wa wiki sita alianza kushika titi kisha kuliachia akilia. Ulimini na ndani ya mashavu mlikuwa na madoa meupe. Tulinawa mikono, tukafunga kidole kwa kitambaa safi kilicholowa maji yaliyochemshwa yakapoa, tukapangusa taratibu. Mabaki ya maziwa hutoka mara moja; madoa haya yaling'ang'ania, na palipobanduka pakabaki wekundu. Hiyo ndiyo alama ya fangasi. Hatukusugua zaidi, kwani kinywa kilichochubuka huzidi kuuma wakati wa kunyonya.

Zahanatini alipewa matone ya nistatini: mililita 1 mara 4 kwa siku, kila baada ya kunyonya, yaenee kinywani, kwa siku 7. Mamake, ambaye chuchu zilikuwa zikimwaka, alipewa dawa ya kupaka. Asipotibiwa naye, huambukizana tena.

Enyi mama zetu, msimpake asali mtoto asiyetimiza mwaka. Akikataa kunyonya kabisa, akipata homa, akilegea au akikojoa kidogo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.