Padi Yenye Waya

Kituo cha vijana ninapofanya kazi hapa Kakuma kina mashine moja ya gemu, PS4, na Jumamosi inavuta watu kuliko hata uwanja wa nje. Wanakuja Wakongo wenzangu, Warundi, Wasudani Kusini, Wasomali. Wageni wa mashirika wakipita wanafurahi, wanasema gemu inawaunganisha vijana. Ni kweli, inawaunganisha, lakini mpaka padi ianze kuchelewa. Hapo kila mtu anarudi kwa watu wake.

Padi, kwa wale wasiocheza, ni kile kidude cha kushika kwa mikono miwili, chenye vitufe. Hakina waya. Kinazungumza na mashine kwa blutuuthi, yaani kwa mawimbi ya redio, na kinaishi kwa batri yake ya ndani. Kwenye nyumba ya mtu mmoja mwenye umeme wa kutosha, mpango huo hauna neno. Kwetu ulituletea ugomvi ambao nusura ufunge mashindano.

Mwaka jana tulikuwa na wachezaji 16, wa mtoano. Hesabu yake ni mechi 15, na kila mechi, ukiweka na muda wa kuchagua timu na kubishana, inakula kama dakika 15. Kwa hiyo ni karibu saa nne mfululizo. Padi zetu ni za mkono wa pili, batri zake zimechoka, zinashika saa moja na nusu hivi. Kwenye robo fainali moja, kijana wa Kirundi alikuwa sare na Mkongo. Akabonyeza kupiga, mchezaji wake akasimama kama amesahau jambo, beki akachukua mpira, halafu ndipo mguu ukapiga hewa. Dakika chache baadaye padi yake ikazima kabisa, gemu ikasimama. Watu wake wakainuka: eti amepewa padi mbovu makusudi kwa sababu msimamizi ni Mkongo. Msimamizi ndiye mimi. Nikasimamisha mashindano siku hiyo, tukakubaliana mechi ile itarudiwa.

Wiki iliyofuata nilikaa na kijana mmoja anayetengeneza simu pale sokoni, tukaichunguza kama mgonjwa. Kwanza tulitenganisha mambo mawili ambayo watu wanayachanganya. Kuzima ni batri, basi. Kwenye runinga kinatokea kialama cha batri tupu, padi inazima. Kuchelewa ni jambo lingine, na kunaweza kutoka sehemu mbili: kwenye runinga au hewani.

Runinga nyingi za kisasa zinatengeneza picha kwanza, kuipaka rangi na kuilainisha, kabla ya kuionyesha. Kazi hiyo inakula muda. Lakini kuchelewa kwa runinga hakubadiliki: kuko vile vile asubuhi na jioni, na kunawapata wachezaji wote wawili sawa. Dawa yake iko kwenye menyu ya picha ya runinga, kuchagua hali ya gemu iliyoandikwa Game. Yetu tayari ilikuwa hapo.

Kuchelewa kwa hewani kuna tabia nyingine. Kunakuja na kwenda. Kunampata mmoja, mwenzake hana shida. Kunazidi chumba kikijaa. Sababu ni kwamba blutuuthi inapita kwenye masafa ya 2.4 GHz, ambayo waifai nyingi nazo zinayatumia, na Jumamosi chumbani kuna simu arobaini au zaidi, nyingine zinagawa intaneti. Ujumbe wa padi ukigongana na mwingine unapotea, inabidi urudiwe. Mwili wa mtu nao, kwa sababu una maji mengi, unayameza mawimbi hayo. Gemu ya mpira inaonyesha picha 60 kwa sekunde. Ujumbe ukichelewa kwa picha sita, hiyo ni sehemu moja ya kumi ya sekunde, na beki ameshafika.

Lakini kwetu kulikuwa na kitu kikubwa zaidi ya simu. Mashine yetu inakaa ndani ya sanduku la chuma lililochomelewa na fundi, lina kufuli, kwa sababu ya wezi. Mbele lina tundu la kupitishia nyaya tu. Chuma kinazuia redio. Fundi wa simu alifungua mlango wa sanduku, akacheza dakika kumi, padi ikatii. Akaufunga, akaniambia nisimame katikati na vijana wengine watano. Padi ile ile, kiti kile kile, ikaanza kusinzia. Tulirudia mara tatu, majibu yakawa yale yale.

Kuliacha sanduku wazi siku ya mashindano haiwezekani, kila mtu kambini anaelewa kwa nini. Kwa hiyo tukaamua kufunga padi kwa waya wa USB kupitia lile tundu. Waya unaondoa redio, na unaleta umeme kutoka kwenye mashine, kwa hiyo batri iliyochoka haiamui tena mechi. Niseme hapa, kwa wale wapenzi wa gemu watakaosoma na kubisha: kwenye chumba kitupu, mashine ikiwa mbele yako, blutuuthi ya padi hii ni ya haraka na mkono wako hautaona tofauti. Waya unasaidia pale ambapo hewa imeharibika au batri imekufa.

Nilidhani kuchomeka kunatosha. Wengi wanadhani hivyo, na ndiyo maana wengi wanasema waya hausaidii kitu. Kuna milango mitatu ya kupita.

Mlango wa kwanza ni waya wenyewe. Padi ya PS4 inatumia kichwa cha maikro USB, kile cha simu za zamani kidogo, na sokoni vipo vingi vya bei rahisi. Waya kamili wa aina hii una nyuzi nne ndani: nyekundu na nyeusi za umeme, kijani na nyeupe za kupitisha habari. Waya nyingi za bei rahisi zina zile mbili za umeme tu. Zinachaji vizuri, ndiyo zinavyokudanganya, lakini hazisemi lolote. Fundi alipasua mmoja uliokufa akanionyesha: nyekundu, nyeusi, basi. Huna haja ya kupasua. Chomeka simu kwenye kompyuta kwa waya huo, kisha chagua kwenye simu kuhamisha mafaili. Simu ikichaji bila kompyuta kuiona kabisa, jaribu waya mwingine unaojua unafanya kazi. Ukikubali, ule wa kwanza ni wa kuchaji tu. Dukani nilijaribu nyaya tano kwa namna hiyo, mbili tu zikapita. Mwenye duka hakufurahi, lakini aliniuzia.

Mlango wa pili ni padi. Hapa ndipo mmoja alitukwamisha. Padi za PS4 ziko za aina mbili kuu. Ya kwanza, iliyokuja na mashine mwaka 2013, nyuma imeandikwa CUH-ZCT1. Ya pili, iliyotoka 2016, imeandikwa CUH-ZCT2. Ile ya zamani ikiwa kwenye PS4, waya unaichaji na kuiunganisha mara ya kwanza, lakini ikianza kucheza inarudi kwenye redio tu, ufanye unavyofanya. Ya pili ndiyo inayokubali kuzungumza kwa waya. Kama maandishi yamefutika kwa jasho, angalia kile kibao cha kugusa katikati: kwenye ya pili kuna mstari mwembamba wa taa unaopenya juu yake, kwenye ya kwanza taa iko mbele tu. Sisi tulikuwa na moja ya kila aina. Na nilipokumbuka vizuri, ile ya zamani ndiyo alikuwa nayo yule Mrundi. Tuliibadilisha na padi ya kijana mmoja wa mtaa wa pili, tukaongezea pesa kidogo, kwa sababu yeye anacheza peke yake nyumbani na blutuuthi inamtosha.

Mlango wa tatu uko ndani ya mashine. Hata ukiwa na waya kamili na padi ya aina ya pili, PS4 inaweza kuendelea kutumia redio na kuutumia waya kwa kuchaji tu, mpaka uiambie. Njia yake ni hii, kama inavyosomeka kwenye runinga:

```
Settings > Devices > Controllers > Communication Method > Use USB Cable
```

Ukishachagua, chomeka padi na ubonyeze kile kitufe cha katikati chenye alama ya PS. Jaribio letu lilikuwa rahisi: tulifunga sanduku, tukasimama sita mbele yake kama siku ile, tukacheza nusu saa. Haikusinzia hata mara moja.

Waya nao una matatizo yake. Wa simu wa mita moja haufiki popote. Tulitafuta wa mita tatu. USB ya aina hii haipaswi kuzidi mita tano, na ukinunua mrefu halafu mwembamba sana, umeme unapungua njiani, padi inachaji huku inapungua. Mbele ya mashine kuna matundu mawili ya USB, yanatosha wachezaji wawili. Adui mkubwa ni miguu. Mtoto akipita mbio na kuukwaa, kinachoumia ni tundu dogo la kwenye padi, na tundu hilo likilegea utaona taa inawaka na kuzima ukiutikisa waya. Kwa hiyo tumeulaza waya chini ya mkeka, na karibu na padi tumeukunja kitanzi kimoja, tukaufunga kwenye mkono wa padi kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ukivutwa, kitanzi ndicho kinachovutwa. Na kama padi imevimba, mgongo umeachana, usiifunge waya wala usiichaji. Hiyo ni batri imejaa gesi, itolewe na fundi, isitobolewe.

Mechi ya robo fainali ilirudiwa Jumamosi ya tatu. Kabla ya kuanza nilimwita mkubwa wa kila upande, Mrundi mmoja na Mkongo mmoja, wakasoma wenyewe namba za nyuma ya padi na wakaona neno USB kwenye menyu. Wachezaji wakarusha shilingi kuchagua padi. Mrundi akafungwa mbili kwa moja, akalalamikia refa wa ndani ya gemu kwa muda mrefu sana. Kuhusu padi hakusema neno.

Ile batri ya saa moja na nusu bado imo ndani ya padi yake, sijaibadilisha, bei yake inanishinda. Siku za kawaida, vijana wakiwa wachache, natoa waya ili tundu lipumzike, narudisha menyu kwenye Use Bluetooth, nafungua mlango wa sanduku, na mimi mwenyewe nakaa kando yake na ufunguo.