Siki Usiku Kucha

Katika miaka aliyosafisha nyumba za kupangisha Otonglo, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, mwandishi wa kumbukumbu hizi alizoea kukisoma choo kabla ya kushika brashi. Penye maji ya mfereji, yanayovutwa ziwani na kusafishwa Dunga, chokaa ilikuwa utando tu, maana maji ya Ziwa Victoria yana chokaa kidogo. Penye maji ya kisima chenye chokaa nyingi, pete nyeupe ilijijenga pale maji yanaposimama: maji hukauka, madini hubaki. Mkojo nao huacha ukoko wa manjano chini ya ukingo, kwa sababu bakteria huvunja yurea kuwa amonia, na madini yaliyomo huganda.

Gesti moja ilikuwa na vyote viwili, pete na ukoko.

"Dada, nimemwaga Jiki mpaka nimechoka," mwenye gesti alimwambia.

Jiki ilikuwa imeung'arisha ukoko bila kuuondoa. Chokaa huyeyushwa na asidi, na asidi ikikutana na Jiki hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Kwa hiyo siku hiyo alisukuma maji mara kadhaa, akafungua dirisha, siki akaiacha hadi kesho yake jioni.

Jioni hiyo alifunga koki ya tangi, akayachota maji ya bakuli kwa kikombe na sifongo hadi pete ikabaki wazi. Siki ikimwagwa juu ya maji huzimuliwa, kazi bure. Alitandaza tishu juu ya pete, akasokota nyingine akazisokomeza chini ya ukingo, akazilowesha kwa lita moja ya siki nyeupe. Vipovu vilipoanza kutoka alijua ni chokaa. Sakafu ya terazo aliifunika kwa gunia la plastiki, kwani siki hufifisha vipande vyake vya marumaru.

Asubuhi ukoko ulikuwa laini. Aliukwangua kwa kijiti kilicholoweshwa, akikilaza. Palipogoma hakuongeza nguvu; aliweka tishu mpya zenye siki, akasubiri tena. Mchanga haukuingia humo kamwe. Ngozi ya choo ni kioo chembamba kilichookwa juu ya udongo, na chembe za mchanga ni ngumu kuliko kioo hicho. Kikishakwaruzwa, uchafu hupata pa kushika na pete hurudi upesi.

Chini palikuwa na mistari ya kijivu. Alipitisha ukucha: kwenye mingi haukukwama, basi hiyo ilikuwa alama ya chuma iliyoachwa na waya wa sufuria. Kwenye miwili ulikwama. Hiyo ni mikwaruzo, na hakuna dawa ya kusafishia inayorudisha kioo kilichoondoka.

Ukutani mwa bakuli kulikuwa pia na mchirizi wa wima. Aliliangalia tangi, akakuta washa imechoka, maji yanavuja mfululizo. Alimwambia mwenyewe anunue washa kabla ya kununua siki nyingine.